Utenzi wa Yusufu na Kanzu Zake Tatu

Katika Lusangi, upande wa Kasongo na Kabambare, si ajabu kuona katika ukoo mmoja Rozari imetundikwa ukutani na katika nyumba ya pili msala umekunjwa pembeni. Misafara ya Zanzibar iliyopita Ujiji na kuvuka ziwa Tanganyika ilileta Uislamu katika nchi hii, na pamoja nao Kiswahili. Kasongo yenyewe ilikuwa mji mkubwa wa wafanyabiashara hao mpaka ilipotekwa na majeshi ya Dhanis mwaka 1893. Basi tulipotaka kuwafundisha wanafunzi wetu utenzi, tulitafuta hadithi ambayo haitamwacha mtoto yeyote nje ya mlango. Tukachagua ile ya Yusufu mwana wa Yakobo, aliyeuzwa na ndugu zake. Sisi twamhesabu katika mababa wa kale. Jirani zetu Waislamu humwita nabii. Tena, Yosefu akiitwa kwa namna yetu na Yusufu akiitwa kwa namna yao, jina lina uzito ule ule katika mizani: matatu. Mtunzi hapati shida.

Utenzi si mzaliwa wa Maniema. Kwao ni Pate na Lamu na pwani yote ile ya kaskazini, na miongoni mwa tenzi za kale zilizobaki, ule wa Herakali una tarehe ya mwaka 1728. Watunzi wa pwani waliimba vita, waliimba mauti ya Mtume wao, wakaimba pia manabii: Ayubu na mateso yake, Yusufu na safari yake ya Misri. Waliandika kwa herufi za Kiarabu, mara nyingi beti nzima katika mstari mmoja au miwili, na vipande vyake vikatengwa kwa alama ndogo. Tenzi nyingi zilizohifadhiwa leo katika maktaba za Ulaya zilinakiliwa kwa mkono wa Muhamadi Kijuma wa Lamu, fundi wa hati aliyefariki mwaka 1945. Na huo utenzi wa Yusufu umepata kitabu kizima cha uchunguzi, kilichotolewa na Annachiara Raia mwaka 2020.

Herufi hizo za Kiarabu zilifika mpaka kwetu bara. Barua na mikataba ya wakati wa Waarabu wa Kongo iliandikwa kwazo, na baadhi yake ni Kiswahili kitupu. Hata Hamed bin Muhammed, ambaye wengi wamjua kwa jina la Tippu Tip, aliandika maisha yake kwa Kiswahili, lakini kwa maneno ya kawaida, si kwa shairi. Alikuwa mtu wa hesabu na safari. Labda mizani aliyoijua zaidi ni ile ya pembe.

Sasa tuingie kazini. Utenzi hugawanywa katika beti, na kila ubeti una vipande vinne. Kila kipande kina mizani minane, yaani silabi nane. Vipande vitatu vya kwanza huishia kwa kina kimoja, na ubeti ukibadilika kina hicho chaweza kubadilika. Kipande cha nne kina kina chake peke yake, na kina hicho hakibadiliki tangu ubeti wa kwanza hata wa mwisho, zikiwa beti sitini au elfu. Ndicho kama kamba inayofunga mzigo wote. Msikilizaji aliyesinzia kidogo hukisikia tena, akajua kwamba ubeti mmoja umekwisha na mwingine unakuja.

Watoto tuliwafundisha kuhesabu kwa vidole. Mikono miwili, vidole gumba vikikunjwa, vyabaki vidole vinane. Msomee mwenzako kipande polepole, yeye afunge kidole kimoja kwa kila silabi. Maneno yakiisha na kidole kimoja kingali wima, kipande ni kifupi. Vidole vikiisha na neno lingali mdomoni, kipande ni kirefu.

Hapo ndipo ilipo herufi iletayo ugomvi, nayo ni M. Katika neno “mtu”, M husimama peke yake na kuhesabiwa: m-tu, mizani miwili. Katika “mwana” haisimami peke yake, bali huungana na yale yanayofuata: mwa-na, miwili. Katika “mbuzi” nayo huungana: mbu-zi, miwili. Lakini “mbwa” ni m-bwa, na “nchi” ni n-chi. Mtoto aliyezoea vitabu tu huona herufi moja bila irabu, akaipita kama asiyeona mtu njiani. Wazee wengi wa Maniema hawadanganyiki hapa, kwa sababu wao husema “mutu” na “mutoto” na “inchi”, na silabi yote yasikika waziwazi. Mara nyingi shuleni tumewakemea watoto kwa matamshi hayo. Katika hesabu ya utenzi hayo hayo yawasaidia kuliko kitabu.

Tulikuwa na mwanafunzi mmoja, mtoto wa Kikristo kwa mama yake, ambaye babu yake mzaa baba ni Mwislamu wa siku nyingi. Kijana huyu alichukua kazi ya kuitunga hadithi yote, tangu ndoto za Yusufu hata Yakobo kushuka Misri. Tulimshauri afanye kwanza jambo moja ambalo watunzi wengi wachanga hawalifanyi: achague kina cha mwisho, kisha aandike orodha ya maneno yatakayokijaza. Alichagua kina cha -ia. Ni uchaguzi mwema, maana Kiswahili kina vitenzi vingi sana vya namna hiyo: kuingia, kulia, kukimbia, kurudia, kusikia, kutimia, kuambia, kusalia, kuvalia. Aliandika maneno zaidi ya themanini kabla ya kutunga hata kipande kimoja. Asiye na orodha hiyo hufika ubeti wa ishirini akaanza kuyarudia yale yale, kama mpishi mwenye chumvi tu jikoni.

Ubeti wake wa shimo ulikuja kwetu hivi:

Yusufu kufika kwake
Hakika kwa ndugu zake
Wakamvua kanzu yake
Shimoni wakamtia

Hesabu vidole, msomaji. Kipande cha kwanza ni sawa. Cha pili ni sawa kwa hesabu, lakini lile “hakika” lafanya kazi gani pale? Hakuna mtu aliyebisha kwamba Yusufu alifika. Limeingizwa kujaza nafasi, kama jiwe lililotiwa ndani ya gunia la mchele sokoni. Vina navyo ni vya bei rahisi: kwake, zake, yake, neno moja katika mavazi matatu. Kipande cha tatu ndicho chenye kosa kabisa: wa-ka-m-vu-a ka-nzu ya-ke. Mizani tisa. Kijana alihesabu nane, maana alilisoma “wakamvua” upesi, na ile M ikamezwa.

Sisi hatukumwambia bado. Alikwenda nyumbani jioni, akamsomea babu yake. Babu hajui kusoma herufi zetu, wala hakuhesabu vidole. Yeye alianza kuuimba ubeti kwa sauti aliyoijua tangu chuoni, akaenda vizuri vipande viwili, na katika cha tatu akajikwaa. Akarudi mwanzo, akajikwaa pale pale. Akasema, “Mjukuu wangu, hapa pana mtu mmoja wa ziada katika mtumbwi.” Hakika hicho ndicho kipimo kilicho bora kuliko vidole: tia beti zote katika sauti moja isiyobadilika, na mahali sauti inapolazimika kukimbia au kungoja, hapo ndipo penye kosa.

Asubuhi tulikaa na kijana tukatafuta dawa. Watunzi wa pwani wana desturi ya kuiacha A ya mwanzo katika “aka-”. Badala ya “akamwambia”, yenye mizani mitano, husema “kamwambia”, na mizani minne yatosha. Lakini njia hiyo haikutufaa, kwa kuwa waliomvua Yusufu kanzu ni wengi, na “waka-” haina A ya kuachwa mwanzoni. Ukisema “kamvua kanzu yake”, msikilizaji atadhani ni ndugu mmoja tu. Njia ya pili ilikuwa kuiondoa ile M na kusema “wakavua kanzu yake”. Lakini sasa haijulikani aliyevuliwa ni nani, na kanzu yenyewe ni ya nani. Njia ya tatu ni ndefu zaidi, nayo ni kuuvunja ubeti na kuujenga upya kwa kina kingine. Kijana alinung’unika kidogo, akaenda chini ya mwembe. Saa ya mapumziko alirudi na huu:

Yusufu alipofika
Ndugu zake wakaruka
Kanzu yake wakashika
Shimoni katumbukia

Sasa kila kipande kina tendo lake. Anafika, wanaruka, wanashika, anatumbukia. Hakuna jiwe ndani ya gunia. Tulimwuliza kwa nini ameliacha “wakamtia”, ambalo halikuwa na kosa la hesabu. Akajibu kwamba alilihitaji neno hilo beti mbili mbele, penye damu, naye hakutaka kulitumia mara mbili kwa karibu. Jibu hilo lilitufurahisha kuliko ubeti wenyewe. Na beti zile za mbele ni hizi:

Ndugu wakachinja mbuzi
Hawakufanya ajizi
Kanzu ya ndugu azizi
Damuni wakaitia

Babaye alipoona
Kanzu ya mpenzi mwana
Akalia sana sana
Gunia kajivalia

Katika ubeti huu wa mwisho ile desturi ya pwani imefaa, maana anayelia ni mmoja. “Gunia akajivalia” ni mizani tisa. “Gunia kajivalia” ni minane. Tazameni pia “mpenzi”, m-pe-nzi, matatu: safari hii kijana hakuimeza M. Neno “azizi” aliliazima kwa babu yake, na sisi twaliona limekaa vizuri kinywani mwa ndugu waongo wanaojidai kumpenda marehemu.

Kila ubeti, kama mlivyoona, hujitosheleza. Habari yaweza kuendelea katika ubeti ufuatao, lakini sentensi yapasa kuishia kwenye kina cha nne. Hilo ni la lazima kwa sababu utenzi husomwa kwa sauti mbele ya watu, na mwimbaji hupumua mwisho wa ubeti. Sentensi ikivuka, pumzi yake itakatika katikati ya neno la nabii, na wasikilizaji watabaki wanangoja kama watu kwenye kivuko kisicho na mtumbwi.

Tulipofika mwisho wa hadithi ndipo neno zito lilipozuka, wala halikuwa la mizani. Babu aliyasikiliza yote, kisha akauliza, “Na kanzu ya tatu iko wapi?”

Yafaa tueleze. Katika Kurani hadithi ya Yusufu ni sura ya 12, yenye aya 111, na ndani yake kanzu yaonekana mara tatu. Ya kwanza ni ile yenye damu ya uongo. Ya pili ni ile iliyochanwa mgongoni mke wa bwana wake alipomkimbilia Yusufu. Na kwa kuwa ilichanwa nyuma, si mbele, ikajulikana kwamba yeye alikuwa akikimbia, hakuwa akishambulia. Ya tatu Yusufu aliituma kutoka Misri, iwekwe usoni pa baba yake aliyepofuka kwa majonzi, naye akaona tena. Kanzu iliyoleta uongo ilifuatwa na kanzu iliyotoa ushahidi, na ya mwisho ikaleta nuru. Mtunzi wa utenzi aliyeishika hadithi hii kwa njia ya Kurani amepewa kamba imara sana ya kuunganishia beti mamia.

Kitabu cha Mwanzo, sura ya 37 mpaka 50, chasimulia kwa njia nyingine. Kanzu yenye damu ipo. Vazi lililobaki mkononi mwa mke wa Potifa lipo pia, ila pale latumika kumshitaki Yusufu, si kumwokoa, naye atiwa kifungoni kwa ajili yake. Kanzu ya tatu haimo. Yakobo hakuamini habari ya kwamba mwanawe yu hai, mpaka alipoyaona magari yaliyotumwa kutoka Misri kumchukua; hapo roho yake ikafufuka. Na macho yake, yasema sura ya 48, yalikuwa mazito kwa uzee, wala hatusomi kwamba yaliponywa.

Kijana alikuwa ameutunga ubeti wa kanzu ya tatu kwa siri, kwa ajili ya babu yake. Alituonyesha:

Kanzu ilipomgusa
Usoni kumpapasa
Yakobo papo na sasa
Nuru ikamrudia

Ni ubeti mwema. Twakiri kwamba ulitupendeza. Lakini kijana mwenyewe alikuwa amekwisha kuandika juu ya daftari kwamba anaifuata habari ya kitabu cha Mwanzo, na katika beti za kifungo Yusufu wake alifungwa kwa sababu ya vazi. Kama angelileta kanzu ya kuponya mwishoni, msikilizaji aliyejua Kurani angeliuliza kwa nini ile ya pili haikumtetea. Na aliyejua Mwanzo angeliuliza magari yamekwenda wapi. Mtunzi hawezi kupita njia mbili kwa mguu mmoja. Watunzi wa kale walijua hivyo. Hata wanapoongeza maneno marefu ya kilio au ya soko la Misri, mifupa ya hadithi huiacha kama walivyoipokea. Na kwa upande wetu, Mathias Mnyampala wa Ugogo, aliyezaliwa mwaka 1917 mbali na bahari na kufariki 1969, alipoitia Injili katika umbo hili hili, akaitoa mwaka 1963 kwa jina la Utenzi wa Enjili Takatifu, alichukua umbo la pwani, asichukue hadithi ya pwani.

Tulimwambia kijana achague mwenyewe. Alikaa siku mbili. Siku ya tatu alileta ubeti huu mahali pa ule:

Yakobo hakusadiki
Moyo ukawa na dhiki
Ndipo akatahamaki
Magari yakiingia

Tuliogopa kidogo babu atasema nini. Jioni tulikwenda naye, tukakaa kwenye mkeka barazani, na kijana akasoma utenzi wote bila kusimama. Babu alisikiliza kwa kichwa kuinama, na katika kila kina cha mwisho midomo yake ilitangulia kidogo, akakitamka “-ia” kabla ya mjukuu wake. Kwenye magari alinyamaza. Kisha akasema, “Umeyasimulia kama ulivyofundishwa kwenu. Kanzu yangu niandikie kwenye karatasi ya peke yake.” Kijana akaiandika pale pale, ubeti mmoja, akampa. Mzee aliikunja akaitia katika mfuko wa kanzu yake yeye.

Ilibaki desturi moja ya mwisho. Katika tenzi nyingi za kale mtunzi hufunga kwa kutaja jina lake au mahali pake, tarehe, na idadi ya beti. Si kwa majivuno. Kitabu cha kunakiliwa kwa mkono hupoteza kurasa, na mwandishi mchovu huruka mistari; kama mtunzi amesema beti ni mia tatu nawe umezikuta mia mbili na tisini, wajua kwamba kumi zimepotea njiani. Kijana alikuwa ameandika “Zimekwisha daftarini”, lakini lile “daftari” lilimsumbua: babu aliimba “dafutari”, yeye alisoma “daftari”, na hesabu zao hazikupatana. Neno lenye konsonanti mbili namna hiyo ni heri kuliepuka kuliko kuligombania. Akaliweka “kitabuni”, akahesabu beti zake mara mbili, pamoja na ule wa kufungia, akaandika:

Beti zake ni sitini
Nimeweka kitabuni
Nanyi hebu zisomeni
Lusangi zimetimia